Barua ya kuomba benki ipandishe kikomo cha siku: kwa nini ya kwanza ilikataliwa

Swali: Mzee, kampuni yetu inanunua mahindi hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, na kuyauza kwa wenye vinu vya Kampala na kwa wanunuzi wa Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Benki imetuwekea limiti ya shilingi milioni 20 kwa siku kutuma kwa intaneti, na milioni 10 kutoa taslimu kaunta. Msimu uliopita malori yalilala hapa kwa sababu ya hizo limiti. Tuliandika barua, tukaomba milioni 100 kote kote. Tulijibiwa mstari mmoja tu: ombi halikuidhinishwa. Tuandike nini wakubali?

Jibu: Dada yangu, nimekaa upande wa pili wa kaunta miaka mingi, na barua kama hiyo ya kwanza nimezikataa nyingi. Wateja wake hawakuwa wabaya, ila barua hazikunipa kitu cha kushika. Meneja wa tawi akishaipokea barua yako hatoi uamuzi peke yake. Anaiandikia maelezo yake, kisha inapanda makao makuu kwa watu wawili ambao hawajawahi kukuona na hawajui Bweyale iko wapi. Mmoja kazi yake ni kuzuia wizi, mwingine ni kuangalia sheria za utakatishaji fedha. Barua yako inawaandikia hao wawili, hata kama juu yake imeandikwa “Kwa Meneja wa Tawi.”

Mtu wa wizi anapoona kikomo cha milioni 100 anajiuliza swali moja: mwizi akipata neno la siri la mhasibu wa kampuni hii, ataondoka na kiasi gani kabla hatujashtuka? Kwako wewe kikomo ni ukuta unaokuzuia. Kwake yeye ni ukubwa wa hasara ya siku moja. Yule wa sheria naye anafungua fomu uliyojaza siku ya kufungua akaunti, pale palipoulizwa mnatarajia kuingiza kiasi gani kwa mwezi. Watu wengi hujaza pale haraka haraka wakiwa wamesimama kaunta. Tuseme mlijaza milioni 80 wakati biashara ni changa, na Agosti iliyopita ziliingia milioni 520. Kwenye mfumo wa benki ninyi bado ni kampuni ya milioni 80 inayofanya mambo ya ajabu, na juu ya hayo inaomba kikomo kikubwa zaidi. Ningekuwa mimi, ningekataa pia.

Kwa hiyo aya ya kwanza ya barua isiombe kikomo. Iombe benki isahihishe kumbukumbu zake: biashara imekua, makadirio ya zamani ni haya, mapya ni haya, na hizi hapa karatasi. Wengi huiruka aya hiyo, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo “milioni 100 kote kote” ilipowaangusha. Nambari nitakazotumia ni za mfano, wewe utaweka zako. Chukua siku moja ya kilele cha msimu. Mnapakia trela mbili za tani 30, yaani tani 60. Kwa bei ya shilingi 900 kwa kilo, mahindi yenyewe ni milioni 54. Sasa jiulize kila shilingi inatoka kwa njia gani. Tani 35 mnazinunua kwa watu wawili wenye akaunti: mmoja ana tani 20, ambazo ni milioni 18, na mwingine ana tani 15, ambazo ni milioni 13 na nusu. Nauli ya trela mbili ni milioni 4 na nusu, nayo inalipwa kwenye akaunti ya mwenye malori. Jumla ya kutuma ni milioni 36. Tani 25 zilizobaki zinaletwa na wakulima wadogo, magunia manne huyu, saba yule, nao wanataka fedha mkononi: milioni 22 na nusu. Ongeza wapakiaji na magunia milioni 1 na nusu. Jumla ya taslimu ni milioni 24.

Angalia sasa kikomo chenu cha leo kinafanya nini siku hiyo. Asubuhi akaunti ina milioni 61. Saa tatu unamlipa yule wa tani 20, milioni 18 zinakwenda. Zimebaki milioni 2 za kutuma, na hazitoshi hata nauli ya trela moja. Unakwenda kaunta, unapewa milioni 10. Saa sita mchana milioni 33 zako zimelala kwenye akaunti, wakulima wamekaa juu ya magunia yao, na dereva ameanza kuhesabu fedha za kulala. Picha hiyo, kwa tarehe moja halisi na nambari zake, iingie kwenye barua. Mtu wa makao makuu akiisoma ataelewa ndani ya dakika moja jambo ambalo maneno “biashara yetu inakua kwa kasi” hayatamwelewesha hata ukiyarudia mara tatu.

Hapa kuna mtego. Wengi huambatisha stetimenti ya miezi sita wakidhani imemaliza kazi. Lakini stetimenti yenu haiwezi kuonyesha hitaji la milioni 36, kwa sababu kikomo kilishalikata. Itaonyesha milioni 20, milioni 20, milioni 20, kama nyasi zilizofyekwa. Hilo nalo lina faida yake: chukua kalamu, weka alama kila siku ambayo mlifika kikomo na bado akaunti ikabaki na salio la kutosha malipo mengine, kisha andika hesabu hiyo. “Kati ya siku 26 za kazi za Agosti, siku 14 tulifika kikomo kabla ya saa sita mchana.” Kiasi mlichohitaji hasa kitoe kwenye daftari la mizani la ghala na kwenye oda za wenye vinu. Stetimenti inaonyesha mlipogonga ukuta, daftari la mizani linaonyesha mlikuwa mnakwenda wapi.

Baada ya hapo ndipo unaomba, na uombe kila kikomo peke yake, kwa kuwa si kitu kimoja. Kwa kutuma, chukua milioni 36 uongeze robo, unapata milioni 45. Robo hiyo ni ya bei kupanda katikati ya msimu, nayo uieleze hivyo hivyo. Kwa taslimu mimi nisingeongeza nafasi kubwa: hitaji ni milioni 24, omba 25. Kadiri unavyobana taslimu ndivyo unavyoaminika kwenye kutuma.

Kuna kikomo cha tatu ambacho barua yenu ya kwanza haikukitaja kabisa: kiasi cha juu cha malipo moja. Malipo yenu makubwa kuliko yote ni milioni 18. Basi andika wazi kwamba kikomo cha malipo moja kibaki milioni 20 kama kilivyo. Hamna mnachopoteza, na yule mtu wa wizi atapumua, kwa sababu mwizi hataweza kuondoka na milioni 45 kwa mkupuo mmoja. Tena milioni 20 yenyewe benki yako haiwezi kuisogeza hata ikikupenda vipi kwa malipo ya EFT, yaani yale ya kawaida ya kielektroniki ya kwenda benki nyingine. Huo ni mpaka wa mfumo wa taifa, na zaidi ya hapo malipo hupita RTGS, mfumo wa Benki Kuu ya Uganda, ambao hulipa kila agizo peke yake na kwa ada kubwa zaidi. Nimeona barua zikiomba “EFT ya milioni 50.” Ofisa akisoma hivyo anajua papo hapo kwamba mwombaji haijui njia anayoitumia.

Milioni 25 za taslimu zina jambo lake, nami nalisema waziwazi kwa sababu kuna washauri wa mitaani watakaokuambia uombe milioni 19 na laki 9. Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013 inazitaka benki ziripoti kwa Mamlaka ya Intelijensia ya Fedha muamala wa taslimu unaozidi pointi za fedha 1,000. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni milioni 20. Ripoti hiyo hujazwa kwa kila anayevuka mpaka, mwenye duka la jumla, mwenye kituo cha mafuta, kanisa linalojenga, na wala si tuhuma. Kinacholeta tuhuma ni kukwepa: kutoa milioni 12 asubuhi hapa, na mchana kumtuma mdogo wako akatoe milioni 12 tawi la mji mwingine. Mfumo wa benki unazijumlisha. Tangu Uganda iwekwe kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi zenye udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha, mwaka 2020, hadi ilipotolewa Februari 2024, benki zetu zimejifunza kutazama mambo haya kwa jicho kali, na jicho hilo halijalegea. Omba 25 kama hitaji ni 24, na uandike kwamba mnajua zitaripotiwa.

Taslimu ina tatizo jingine la kawaida kabisa: tawi la mji mdogo halilali na fedha nyingi. Hazina yake ina kiwango cha mwisho ambacho bima inakubali kilale usiku. Ukifika bila taarifa, hata ukiwa na idhini ya makao makuu, keshia anaweza kukuambia ukweli kwamba hana. Kwa hiyo jitolee mwenyewe kwenye barua: mtamjulisha meneja kiasi cha kesho kabla ya saa tisa alasiri. Sentensi hiyo moja inamwondolea meneja sababu ya kusitasita, naye ndiye atakayeiandikia barua yako maelezo ya kuisindikiza.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Benki zetu hufanya kazi kwa Kiingereza, hivyo nakala ya mwisho utaihamishia huko; Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu 2005, lakini fomu za benki bado hazijasikia habari hiyo.

“Kwa Meneja wa Tawi.

YAH: KUSAHIHISHA MAKADIRIO YA AKAUNTI NA KUPANDISHA VIKOMO VYA SIKU KWA MSIMU

Kampuni yetu hununua mahindi kwa wakulima wa Kiryandongo na kuyauza kwa wenye vinu vya Kampala na wanunuzi wa Elegu. Tulipofungua akaunti tulikadiria mapato ya shilingi milioni 80 kwa mwezi. Agosti iliyopita yaliingia milioni 520. Tunaomba kumbukumbu zenu zisahihishwe kulingana na stetimenti, oda na ritani ya kodi tulizoambatisha.

Kwa kikomo cha sasa cha kutuma milioni 20 na taslimu milioni 10 kwa siku, tulifika kikomo siku 14 kati ya 26 za kazi za mwezi huo, huku akaunti ikiwa na salio. Tarehe 14 Agosti tulikuwa na milioni 61, tukaweza kutumia 28 tu. Malori mawili yalilala kwa gharama yetu.

Siku ya kilele tunahitaji kutuma milioni 36, ambazo ni za wauzaji wakubwa na nauli, na kutoa taslimu milioni 24 kwa wakulima wadogo na wapakiaji. Mchanganuo umeambatishwa pamoja na kurasa za daftari la mizani.

Tunaomba kutuma kuwe milioni 45 kwa siku na taslimu milioni 25 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai hadi 15 Septemba, na tena kuanzia 15 Novemba hadi 31 Januari. Nje ya miezi hiyo vikomo virudi vilipo. Kikomo cha malipo moja kibaki milioni 20.

Kila malipo yataandaliwa na mhasibu na kuidhinishwa na mkurugenzi, kila mmoja kwa neno lake la siri na simu yake. Taslimu itachukuliwa na watu wawili waliotajwa kwenye azimio la bodi, na tutatoa taarifa siku moja kabla, si zaidi ya saa tisa alasiri. Tunaelewa kwamba miamala ya taslimu inayozidi milioni 20 huripotiwa kisheria.”

Ukurasa mmoja unatosha. Umeona nimeomba kwa msimu. Ofisa anayeogopa kusaini kikomo cha kudumu atasaini cha wiki kumi na moja bila kukosa usingizi, na msimu wa pili ukipita salama mwombe akifanye cha mwaka mzima. Tena kikomo kikubwa kinachokaa wazi Machi na Aprili, wakati ghala ni tupu, hakikusaidii wewe. Kinamsubiri mwizi tu.

Ile ahadi ya watu wawili isiwe ya karatasi. Nilipokuwa tawini tulikuwa na mteja ambaye idhini ya mkurugenzi ilikuwa inaingia kwenye simu ya mhasibu, eti bosi husafiri sana. Kwenye mfumo walionekana wawili, kumbe ni mmoja. Siku laini ya yule mhasibu ilipobadilishwa na matapeli, fedha zilitoka jioni moja, zikagawanywa, na asubuhi hapakuwa na la kurudisha. Hata sisi tulistahili lawama, tulipandisha kikomo bila kupiga namba ya mkurugenzi kuona nani anapokea. Hakikisha mkurugenzi wenu ana simu yake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayebonyeza.

Kwenye viambatisho usibebe kabati zima. Azimio la bodi lenye saini za wakurugenzi, likitaja vikomo vile vile vilivyo kwenye barua, nambari kwa nambari. Azimio likisema milioni 50 na barua 45, faili inarudi. Taarifa za wakurugenzi na wamiliki halisi ziwe sawa na zilizoko URSB, kwa msajili wa kampuni, maana ofisa atalinganisha, na mkurugenzi aliyetoka kitambo bila kuondolewa kwenye kumbukumbu amechelewesha maombi mengi kuliko upungufu wa fedha. Weka na ritani ya kodi ya mapato kutoka URA, mamlaka ya mapato. Hapo utaulizwa mbona hamna ritani za VAT kwa biashara ya mamia ya milioni. Jibu liandike kabla hujaulizwa: mahindi yasiyosindikwa yamesamehewa VAT. Siku mtakapoanza kusaga na kuuza unga, jibu hilo litahitaji kuangaliwa upya.

Wakikubali nusu, tuseme milioni 35 za kutuma na 15 za taslimu, chukua. Uliza tu kwa maandishi ni lini watapitia tena na wanataka kuona nini hadi wakati huo. Pengo la taslimu utalipunguza kwa kuwalipa baadhi ya wakulima kwenye simu zao kupitia malipo ya pamoja ya benki, lakini kaa nao kwanza juu ya ile asilimia 0.5 ya kodi ya kutoa fedha kwenye simu, pamoja na ada ya wakala. Mkulima wa magunia manne ataiona, na jirani yako anayelipa taslimu ataitumia kumvuta.

Barua ya kukubaliwa ikifika, usisubiri siku ya trela kujaribu. Kwenye huduma ya intaneti ya kampuni vikomo hukaa ngazi mbili au tatu: kampuni nzima, kila mtumiaji, na wakati mwingine kila aina ya malipo. Mara nyingi benki hupandisha cha kampuni na kumsahau muidhinishaji. Dalili yake ni kwamba mhasibu anaandaa malipo vizuri, yanakwenda kwa mkurugenzi, halafu yanakataa yeye anapoidhinisha. Yakikataa kwa mhasibu hata kabla ya kutumwa kwa idhini, basi kilichobaki chini ni kikomo cha mhasibu mwenyewe au cha kampuni. Wiki moja kabla ya msimu, siku mliyo na malipo halali mawili au matatu yanayozidi milioni 20 kwa pamoja, yalipeni yote siku hiyo hiyo mwone kama yanapita. Yasipopita, piga picha ya ujumbe uliotokea kwenye skrini, andika saa na nani alikuwa ameingia, umpelekee meneja. Kwa picha hiyo anajua ngazi ya kurekebisha siku hiyo hiyo. Ukimwambia tu kwamba imekataa, ataanza kuuliza upya kutoka mwanzo.